Uzi wa Mtoto Uchaguliwe Kwenye Beseni

Kama una sindano zako karibu, au kroshia, endelea kufuma, mimi naongea tu. Leo ni zamu ya uzi wa nguo za watoto wachanga: sweta, kofia, soksi, shali. Nami nitaanzia mahali ambapo sisi wafumaji huwa hatuanzii. Nitaanzia kwenye pasi.

Tukiingia dukani, mkono ndio hutangulia. Tunaminya donge la uzi, tunalipitisha shavuni, tunasema huu ni laini, nifungie matatu. Sasa, ule ni ulaini wa uzi ambao haujaona maji. Nguo ya mtoto wa miezi sita hucheuliwa maziwa, hukojolewa, hupakwa uji, na itaingia majini mara kadhaa kwa wiki. Na mara nyingi anayeifua siye aliyeifuma. Atafua mama, au shangazi, au dada wa kazi, kwenye beseni moja na nepi, kwa sabuni ya mche, kwa mikono iliyozoea kufikicha. Ataikamua, ataianika kambani, jioni ataipitishia pasi. Basi mimi ninauliza kwanza uzi huu utatokaje kwenye beseni hilo, ndipo niulize mambo ya shavuni.

Kwa nini pasi? Wengi wenu mnajua. Yupo nzi, watu wengine humwita nzi wa maembe, anayetaga mayai yake kwenye mchanga au kwenye nguo zenye unyevunyevu zilizoanikwa nje, hasa kivulini. Mayai yakianguliwa, viluwiluwi wake hungoja joto la mwili. Mtoto akivalishwa nguo ile, hupenya ngozi na kuota kama majipu madogo, na ndani ya kila jipu kuna funza. Nzi huyu yuko katika nchi nyingi za Afrika zenye joto, kwetu pia, na kinga ambayo bibi zetu waliishika ni pasi ya moto juu ya kila kipande cha nguo ya mtoto, mbele na nyuma, na kwenye mishono. Ni kinga nzuri. Viluwiluwi hawawezi joto hilo.

Lakini uzi unaouzwa kwa wingi zaidi kwa ajili ya watoto, ule wa rangi ya waridi na samawati wenye karatasi iliyochorwa mtoto anayecheka, kwa kawaida ni akriliki. Akriliki ni jamaa wa plastiki. Imetengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli, na ilianza kuuzwa huko Marekani mwaka 1950. Nyuzi zake hazina kiini kigumu cha kuhimili joto. Hata kabla maji hayajachemka huanza kulegea, na pasi ya moto inayotosha kuua viluwiluwi inatosha pia kuua uzi wenyewe. Wafumaji husema uzi umekufa, na kweli umekufa. Sweta lililokuwa limejaa na kunesa hulala bapa, likang'aa kidogo, likaning'inia. Mbavu za kiunoni na mikononi, zile zilizokuwa zikijikunja na kushika, hufunguka zikabaki hivyo. Hakuna maji wala namna ya kulirudisha. Ukiona sweta la mtoto lina mikono iliyopanuka mwishoni kama tarumbeta, uliza kwanza habari ya pasi kabla hujamlaumu mfumaji.

Wapo watakaoniambia, basi tusilipige pasi sweta la akriliki. Sawa, lakini ujue unachokubali. Ulianike mbali na ardhi na majani, kwenye jua kali lisilo na kivuli, ulianue likiwa limekauka kabisa. Au ulikaushie ndani ya chumba chenye nyavu madirishani. Viluwiluwi huweza kungoja kwenye nguo zaidi ya wiki moja, kwa hiyo kulikunja na kuliweka kabatini siku mbili hakusaidii kitu. Nyumba yenye utaratibu huo itaweza kutumia akriliki bila shida. Nyumba ambayo nguo zote huanikwa uani kwenye ua wa miti, kisha dada hupitisha pasi ya mkaa kwa mkupuo mmoja, afadhali isipelekewe akriliki.

Sitaki mwondoke mkidhani naichukia akriliki. Bei yake ni ndogo, ni nyepesi, hukauka upesi, haiingii kuvu kirahisi, haipandi ikifuliwa kwa maji ya uvuguvugu. Kwa shali la kumfunika mtoto Njombe au Limuru mwezi wa Julai, ni uzi wa kufaa, mradi shali lenyewe lisikaribie moto. Na hapo ndipo kasoro yake ya pili ilipo. Cheche ya jiko la mkaa ikiirukia, akriliki huyeyuka, hudondoka matone ya moto, na tone likigusa ngozi hung'ang'ania. Kasoro ya tatu ni kwamba hainywi jasho. Pamba iliyokauka katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa gramu saba au nane katika kila gramu mia, sufu gramu 15 hivi, akriliki moja au mbili tu. Mtoto wa Pwani aliyefungwa mbeleko mgongoni kwa mama, na sweta la akriliki katikati, atatoka harara shingoni na kifuani. Hapo ulaini hauna msaada.

Tuje kwenye sufu, yaani manyoya ya kondoo. Sufu ina sifa mbili zinazopingana: inasifiwa kwamba ndiyo bora kwa mtoto, na inalaumiwa kwamba inawasha. Zote mbili ni kweli, kwa sababu sufu si moja. Unene wa unyoya hupimwa kwa mikroni, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unyoya wa kondoo wa merino huwa kama mikroni 17 hadi 22. Wa kondoo wa mazulia hupita 30 kwa mbali. Watafiti wa Australia walioshughulikia jambo hili miaka ya 1980 walikuta kwamba ncha za unyoya zinazozidi mikroni 30 hivi hazipindi zikigusa ngozi, husimama na kuchoma, na ikiwa nyuzi za namna hiyo zinapita karibu tano katika kila mia, mtu ataanza kuhisi anawashwa. Kwa hiyo mwasho ule mara nyingi si mzio. Ni ncha nene zinazodunga. Mtoto hawezi kukuambia. Atajikuna, atanuna, na shingo itakuwa nyekundu pale kola ilipokaa.

Kiganja chako hakifai kupima jambo hili. Ngozi ya kiganja cha mtu anayelima, anayepika, anayefua, ni nene mno. Fuma kipande kidogo, ukipenyeze chini ya kamba ya sidiria au ndani ya kola, ukae nacho nusu siku ukifanya kazi zako na kutoka jasho. Kama utakuwa umekisahau, uzi huo unafaa shingo ya mtoto. Kama umekitoa kabla ya chakula cha mchana, uwe uzi wa kitu kingine.

Sasa sufu na beseni. Ukiutazama unyoya wa kondoo kwa hadubini utaona umefunikwa magamba yaliyopandana kama ya samaki, yote yakielekea ncha moja. Maji ya moto, sabuni na kufikicha, vikikutana, huyafanya magamba yale yashikane, na kila unyuzi ukisogea hauwezi kurudi ulikotoka. Sweta la mtoto wa mwaka mmoja hutoka kwenye beseni likiwa la mwanasesere, nene, gumu, vitanzi havionekani tena. Hilo nalo halina kurudi. Kosa si maji ya moto peke yake wala kufikicha peke yake. Ni vyote pamoja, na kulihamisha ghafla kutoka maji ya moto kwenda ya baridi huzidisha.

Ipo sufu iliyotibiwa kiwandani ili isipande. Huoshwa kwa klorini inayolainisha kingo za magamba, kisha hupakwa utando mwembamba sana wa plastiki. Lebo yake huonyesha alama ya beseni au ya mashine ya kufulia, na ikiwa imepigwa alama ya beseni lenye mkono, basi isifikichwe. Sufu hii inafulika, lakini imepoteza kitu: magamba ndiyo yaliyokuwa yakifanya vitanzi vishikane, kwa hiyo nguo yake ikilowa huwa nzito na kurefuka ajabu. Ukiianika kambani itashuka hadi magotini. Hulazwa juu ya taulo, ikasukumwa kwa mkono mpaka irudi vipimo vyake, ikakauka hivyo.

Na tafadhali, sufu ya aina yoyote isikutane na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile tunayolowekea nepi. Sufu ni protini, kama nywele zetu. Dawa ile huila. Shali jeupe la sufu likilowekwa humo usiku kucha, asubuhi utakuta madoa ya manjano na matundu, na likikaa zaidi utaokota utelezi. Kama unamtunukia mtu shali la sufu, andika kwenye kikaratasi ulichoshona pembeni: maji baridi, sabuni kidogo, usifikiche, usiloweke kwenye dawa. Usitegemee kumwambia kwa mdomo siku ya arobaini ya mtoto wakati nyumba imejaa wageni.

Basi imebaki pamba, nayo ndiyo jibu langu kwa nyumba nyingi, ingawa pamba nayo ina kesi yake. Sifa zake mnazijua. Ikilowa huzidi kuwa imara, kwa hiyo kufikichwa si tatizo. Inachemshwa. Inapigwa pasi ya moto kabisa. Inakunywa jasho na mate. Nguo ya pamba iliyofumwa vizuri itavaliwa na mtoto wa kwanza, wa pili, na binamu yao.

Kesi yake ni kunyumbuka. Unyoya wa sufu umejipinda wenyewe kwa wenyewe, ukiuvuta unanyooka, ukiuachia unarudi. Unyuzi wa pamba hauna mpindo huo. Ukivutwa hurefuka kidogo sana kabla ya kukatika, na ukisharefuka hauna kinachourudisha. Maana yake ni kwamba mnyumbuko wote wa sweta la pamba unatoka kwenye umbo la vitanzi, siyo kwenye uzi. Vitanzi vikichoka, nguo imechoka. Shingo inapanuka, mikono inarefuka, kofia inateremka machoni. Na pamba ni nzito, uzito wake mwenyewe unaivuta chini ikiwa mbichi. Kwa kroshia hali ni tofauti kidogo: fumo la kroshia ni zito na limefungwa zaidi, halipanuki ovyo, lakini pia halitanuki pale unapohitaji litanuke, kwa mfano kichwani. Tena linakula uzi zaidi kuliko la sindano.

Kichwa ndicho kipimo kinachosahaulika. Mtoto wa miezi sita ana mzingo wa kichwa wa sentimita 42 au 43 hivi, na kifua chake kinakaribia hapohapo, kama 44. Mtu mzima kichwa chake kinapita kwenye shingo ya sweta bila shida kwa sababu mabega ni makubwa. Mtoto kichwa ndicho kikubwa. Sweta la pamba lenye shingo ya mviringo iliyofungwa vitanzi kwa kukaza halitapita, mama atavuta, mtoto atalia, na baada ya wiki mbili shingo imetanuka na inaonyesha bega. Kwa sufu ungeweza kubahatisha. Kwa pamba usibahatishe: fuma shingo inayofunguka, iwe kwa vifungo viwili begani, au kwa kupandanisha mabega ya mbele na nyuma kama fulana za watoto wachanga, au sweta lote lifunguke mbele.

Ngoja nichukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Tuseme bibi yuko Lushoto, juu Usambara, ambako asubuhi ni baridi ya kuweka mikono kwapani. Mjukuu wa miezi sita yuko Tanga mjini, joto na unyevu wa bahari, na nyumba anayoishi nguo hupigwa pasi zote. Bibi anataka kumfumia sweta la kuvaa jioni na kwenye basi alfajiri. Bibi akichagua kwa baridi anayoihisi mwenyewe, atachukua sufu au akriliki nene. Lakini sweta litaishi Tanga, kwa hiyo ni pamba, ya unene wa kati au chini yake, isiyong'aa. Ile pamba inayong'aa imepitishwa kwenye magadi makali kiwandani ikiwa imevutwa. Njia ya magadi aliigundua Mwingereza John Mercer katika miaka ya 1840, na kuivuta ili ing'ae kuliongezwa baadaye. Inapendeza kwa vitambaa vya meza, haichuji rangi upesi, lakini ni ngumu kidogo na haijikunji vizuri kwenye shingo ya mtoto.

Kielelezo alicho nacho kimeandikwa kwa akriliki na kinadai mita 350. Hapa wengi hununua kwa gramu na kuishiwa wakiwa kwenye mkono wa pili. Donge la gramu 100 la akriliki ya unene wa kati hutoa karibu mita 290, kwa hiyo mita 350 ni kama gramu 120. Pamba ya unene uleule ni nzito, gramu 100 hutoa karibu mita 210. Mita zilezile 350 zitataka gramu 170. Anunue madonge manne ya gramu 50, yote ya namba moja ya rangi, maana rangi ya pipa lingine haitafanana hata kama jina ni hilohilo.

Kisha afume kipande cha kujaribia, na hapa naomba subira yenu kwa sababu hapa ndipo nguo hukombolewa. Kiwe sentimita 15 kwa 15, si kile kidogo cha vidole vitatu. Akipime kabla ya kukifua: anakuta vitanzi 22 katika sentimita kumi. Sasa akifue kama kitakavyofuliwa Tanga. Akifikiche kwa sabuni ya mche, akikamue, akianike kambani kwa vibanio, kikikauka akipige pasi ya moto. Apime tena. Anakuta vitanzi 20 katika sentimita kumi. Uzi umelegea.

Kifua cha mtoto ni 44, bibi anataka sweta lenye nafasi, mzingo wa 50. Kama angefuata kipimo cha kwanza angeanzisha vitanzi 110, na sweta lingetoka kwenye sindano likiwa 50 kamili, bibi akafurahi. Baada ya mfuo wa kwanza lingekuwa 55. Sentimita tano za ziada kwa mtoto wa umri huo ni nyingi, mabega yanaanguka na kiwiko kinavaa bega. Akifuata kipimo cha pili ataanzisha vitanzi 100. Sweta litatoka likionekana dogo, sentimita 45 na ushee, atatia shaka, lakini likishafuliwa litafika 50. Kwa urefu afanye vivyo hivyo, ahesabu mistari kabla na baada. Wakati mwingine pamba hupanuka upande mmoja na kupungua upande wa pili, na hilo halitabiriki kwa macho.

Mbavu za kiunoni na mikononi azifume kwa sindano ndogo kwa saizi mbili kuliko za mwili, kukunja mbili kunjua mbili, ili umbo la vitanzi lifanye kazi ambayo uzi haufanyi. Asitegemee zitabana, zitakaa tu vizuri. Wapo wanaopitisha uzi mwembamba wa lastiki pamoja na pamba kwenye mbavu. Mimi sipendi kwa mtoto mchanga, kwa sababu lastiki ikichoka hukatika na ncha yake hutokeza, na kwa sababu huacha alama kifundoni. Anayepiga pasi aligeuze sweta ndani nje, aweke taulo chini, abonyeze pasi na kuinyanyua, asiburuze. Kuburuza ndiko kunakofungua mbavu za pamba. Na mishono asiisahau, mayai ya yule nzi hujificha humo.

Kama mjukuu huyo angekuwa Lushoto pamoja na bibi yake, na bibi ndiye anayefua, ningesema mengine. Ningesema sufu ya merino iliyotibiwa, au mchanganyiko wa pamba na akriliki kama hela ya merino haipo. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu ni mwepesi kuliko pamba, hunesa kidogo, lakini huo nao pasi yake iwe ya joto la chini, kwa sababu nusu yake inaweza kufa kama nilivyoeleza. Aliye dhaifu ndiye anayeamua joto la pasi. Hivyo hivyo ule uzi unaoitwa pamba ya maziwa, unaopendwa sana siku hizi: geuza lebo usome. Nyingi nilizozisoma zina akriliki kwa wingi. Na uzi wa mianzi, ambao kwa kweli ni mianzi iliyoyeyushwa kwa dawa na kuvutwa upya kuwa nyuzi, ni laini kupita yote na una ubaridi mzuri, ila ukilowa hupoteza kiasi cha nusu ya nguvu zake. Hauhimili beseni la kufikicha.

Sasa utajuaje uzi usio na lebo? Sokoni kuna madonge yaliyofunguliwa, mabaki ya kiwanda, na muuzaji anasema kila kitu ni pamba. Chukua kipande cha urefu wa kidole, ukishike kwa koleo dogo au kibano, juu ya sahani ya maji, ukisogeze kwenye mshumaa. Watoto wawe mbali. Pamba itashika moto mara moja, itanuka karatasi inayoungua, ukiitoa kwenye mwali inaendelea kuwaka na kufukiza, na majivu yake ni ya kijivu, mepesi, yanapukutika. Sufu hujikunja ikikimbia mwali, huwaka kwa shida, ukiitoa huelekea kuzimika, harufu yake ni nywele zilizoungua, huna haja ya kuambiwa, na inaacha kipande cheusi kinachosagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka huku ikiwaka, moshi mweusi, na ikipoa inaacha kifundo kigumu cheusi kisichovunjika. Ukipata harufu ya karatasi na pia kifundo kigumu, ni mchanganyiko, na mshumaa hautakuambia ni kiasi gani cha kila kimoja.

Mshumaa hautakuambia pia kama sufu imetibiwa au la. Hilo liulize beseni: kipande cha majaribio kwenye maji ya moto na sabuni, ufikiche kwa dakika tano. Kikipungua na vitanzi vikaanza kufichika, unajua ulichonacho.

Kuna uzi ninaoukataa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hata kama umepita majaribio yote hayo, nao ni ule wenye manyoya marefu, mohea na angora na ule wa kiwandani unaoiga manyoya. Mtoto hula nguo yake. Hunyonya mkono wa sweta, hutafuna ukosi, na manyoya yanayotoka huenda kinywani na puani. Kwenye soksi ni hatari ya namna nyingine, maana unyuzi mrefu uliolegea ndani ya soksi unaweza kuzunguka kidole cha mguu na kukaza, na mtoto akalia saa nzima pasipo mtu kufikiria kumvua soksi. Kwa hiyo soksi ya mtoto igeuzwe ndani nje kila inapofuliwa na nyuzi zinazoning'inia zikatwe. Na fumo la matundu makubwa, lile la kroshia lenye maua, liwekwe kwenye shali la kumfunikia wageni wakija, siyo kwenye soksi wala mikono ya sweta ambako vidole vinapenya na kunasa.

Swali limeletwa hapa na fundi mitambo wetu, ambaye mke wake anafuma: kofia ya mtoto mchanga iwe ya uzi gani? Mtoto aliyezaliwa kwa wakati ana mzingo wa kichwa wa kama sentimita 34 au 35. Kwa sufu laini, fuma kofia ya sentimita 30, itanyumbuka na kushika bila kubana. Kwa pamba ukifanya 30 itabana, na ukifanya 35 itateleza ikafunika macho. Fanya 32, yote kwa mbavu za mbili mbili kuanzia ukingoni mpaka utosini, kwa sindano mbili wala si kroshia, na vitanzi vya kuanzia uvianzishe kwa sindano iliyo kubwa kwa saizi moja ili ukingo usikaze kama kamba. Kamba za kufungia kidevuni usiweke. Na ikiwa ni ya kupeleka hospitali, ambako nguo huchemshwa kwa pamoja, iwe pamba tupu.